Swali la mwisho kwenye intavyuu ya atachimenti

"Jumatatu nina intavyuu ya atachimenti hoteli moja hapa Malindi. Wakisema 'una swali?', niulize nini?"

Dadangu, uliza: "Nani atanisimamia kila siku, na wiki ya kwanza nitashika kazi gani?" Mimi sikuuliza. Nilizungushwa idara tatu, na mhadhiri alipokuja kunikagua, logibuku ilikuwa na wiki nne bila sahihi. Kila mkuu wa idara alidhani mimi ni wa mwenzake. Wakikujibu "utaona ukija", uliza kwa upole aliyekutangulia alifanya kazi gani. Wasipotaja mtu wala kazi, hawajajipanga. Kuna wanaosema posho usiitaje kabisa, siwakubalii yote. Usianze nayo, lakini kama unatoka Watamu kila siku, nauli lazima uipigie hesabu kabla hujakubali.