Mimba ya haraka na akiba ya damu

"Mtoto ana miezi 9 na nina mimba ya miezi 2. Kuna shida?"

Dada, Shirika la Afya Duniani hushauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba tena. Wewe umekaa 7 tu. Mimi ningeangalia damu kwanza. Mimba moja hutumia takriban gramu 1 ya madini ya chuma, na akiba yako huenda haijarudi. Nenda kliniki wiki hii wakupime himoglobini. Chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu. Vidonge vya chuma meza kwa maji, si kwa chai (najua, Nairobi chai haituachi). Choo kikiwa cheusi usishtuke. Ukihema ovyo ukipanda ngazi za ploti, usingoje tarehe ya kliniki. Kama ulijifungua kwa upasuaji, waambie mapema.