Ahadi za michango si fedha: hesabu ya harusi, misiba na gari

"Wakuu, mimi na mchumba wangu tuna mishahara ya kawaida. Kila mwaka hela zinaishia kwenye michango ya harusi na misiba, akiba hakuna. Mwakani tunataka kufunga ndoa na kununua gari. Tupange vipi bila kuingia kwenye madeni?"

Mkuu, nimeshika daftari la mweka hazina kwenye kamati kadhaa za harusi hapa Dar, kwa hiyo naanza na harusi yenu. Huko ndiko deni linakozaliwa bila mtu kuliona.

Kinachoumiza ni kupanga bajeti kwa ahadi. Kuna harusi ambayo ahadi zilifika milioni 18, kamati ikapanga watu 250. Ukumbi, mapambo, muziki, mshereheshaji, picha na video vilichukua milioni 6, na fedha hiyo inalipwa ileile hata waje watu 50. Chakula, vinywaji na kadi vilikuwa 40,000 kwa kila mtu, yaani milioni 10. Jumla milioni 16, kwenye karatasi kuna ziada. Mpaka wiki ya mwisho zilikuwa zimeingia milioni 11 na laki 7. Pengo la milioni 4 na laki 3 likawaangukia maharusi, maana wao ndio waliosaini mikataba, na wakalikopea. Ndoa ikaanza na makato ya mshahara.

Utasikia kikaoni, "Tualike wengi, michango iongezeke." Ipigie hesabu. Mtu akichanga 50,000 akapewa kadi ya singo, 40,000 anaila mwenyewe ukumbini. Inabaki 10,000 ya kusaidia zile milioni 6, kwa hiyo ungehitaji wachangiaji 600 ili kulipa ukumbi na mapambo tu! Na yule aliyeahidi, hajalipa, lakini amepewa kadi kwa kuonewa aibu, anawatoa 40,000 nzima.

Kwa hiyo anzeni na fedha yenu wenyewe na ya wazazi. Hiyo ndiyo ichague ukumbi. Kadi itoke baada ya mchango kuingia, bila kujali ni bosi au binamu. Mpishi mpeni idadi ndogo kwanza, muiongeze wiki ya mwisho, kwa sababu mkishakubaliana idadi atadai sahani zote hata zikibaki. Harusi ileile ingekuwa ya watu 170, gharama ingekuwa milioni 12 na laki 8. Pengo lingekuwa milioni 1 na laki 1, kiasi ambacho familia mbili zingekaa zikakimaliza.

Halafu michango mnayotoa nyinyi. Chukua taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, jumlisha kila mchango, kisha ongeza vile ambavyo havikuandikwa mchango: kitambaa cha sare, fundi, saluni, zawadi ya kicheni pati, nauli ya sendofu, vinywaji vya vikao. Kwa akina dada hasa, sare na maandalizi yake mara nyingi hupita mchango wenyewe. Gawanya jumla kwa 12, na kiasi hicho kitoke siku ya mshahara kwenda akaunti ya peke yake. Mfuko wa mwezi huo ukiisha, unachanga kidogo au unakwenda kusaidia kwa mikono. Watu waungwana wanaelewa.

Msiba utengeni na harusi. Harusi inakupa miezi ya kujipanga, msiba unakutaka usiku huohuo: jeneza, gari la kusafirisha mwili hadi Moshi au Bukoba, chakula cha waombolezaji, nauli za ndugu. Fedha yake ikae mahali pa kuitoa saa yoyote. Jiungeni na chama cha kufa na kuzikana, ila someni katiba kabla ya kulipa kiingilio. Angalieni kama kinagusa wazazi wa pande zote mbili, na kama mwanachama mwenye malimbikizo ya ada bado anahudumiwa. Wengi hugundua vipengele hivyo wakiwa tayari wamekaa matangani. Na marehemu akiwa mwanachama wa NSSF, ulizeni msaada wa mazishi. Familia nyingi hazijui kama upo.

Gari msilinunue mwaka wa harusi. Mkiagiza Japani, ingizeni gari hilohilo kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma senti, kwa sababu kodi inaweza kukaribia bei yenyewe, na magari ya kuanzia miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu. Kisha kwa miezi sita wekeni pembeni kila mwezi fedha ya mafuta, bima, matairi na matengenezo, kana kwamba gari lipo tayari. Mkishindwa mwezi wa tatu, mmejua mapema, na fedha bado mnayo.