Maswali na majibu: tangazo la maturubai, viti na chakula

Tangazo langu la redio ni la sekunde 30. Nikitaja maturubai, viti, vyombo, mapambo na chakula, muda umekwisha. Nikate nini?

Kata orodha, uanze na idadi ya watu. Mwenye shughuli usiku halali akiwaza wageni 200 watakaa wapi, watakula nini na nani ataosha vyombo. Mjibu hayo. Msomaji asiyekimbia hutamka maneno kama 60 kwa sekunde 30, kwa hiyo jaribu hivi:

"Una shughuli ya watu mia mbili nyumbani? Tunafunga maturubai jioni ya kuamkia siku yako. Meza ishirini za duara, viti mia mbili na ishirini, pilau ya nyama, kachumbari, matunda na maji. Wahudumu wetu wanapakua, wanaosha vyombo na kufungua maturubai. Usafiri ndani ya Temeke umo. Tunakuja kupima uwanja kabla hujalipa."

Kisha jina lako na namba, mara moja. Vile viti 20 vya ziada viache humo humo. Kila shughuli ina wazee wanaofika na wajukuu, na viti vya waandaaji hakuna anayevikumbuka.

Wateja wananilaumu kwamba turubai la watu 100 halitoshi watu 100, nami ndivyo nilivyouziwa. Niseme nini?

Wako sahihi, na fundi aliyekuuzia pia yuko sahihi. Turubai la mita 6 kwa 12 lina mita za mraba 72. Ukipanga viti kwa mistari kama msibani au kwenye mkutano, watu 100 wanaenea. Ukiweka meza za duara za watu kumi kumi, lazima mtu aweze kuvuta kiti nyuma na mhudumu apite na sinia. Hapo wanabaki kama 50. Kwa hiyo shughuli ya watu 200 kwa mistari ni maturubai mawili, kwa meza za duara ni manne, na la wapishi mbali. Tangaza kwa namna ya kukaa: "watu 100 kwa mistari, 50 kwa meza."

Ndiyo maana ile ahadi ya kupima uwanja isikose. Kamba na vigingi hutoka mita moja hadi mbili nje ya turubai, nafasi ambayo mteja hajaihesabu. Kwenye sakafu au lami vigingi haviingii, unahitaji mapipa ya zege. Na wakati wa masika angalia pale maturubai mawili yanapokutana: maji ya mapaa yote mawili hushukia hapo. Bila mfereji wa turubai uliofungwa katikati kwa mteremko, meza iliyo chini yake italowa mvua ya kwanza tu. Kama una mifereji hiyo, itaje kwenye tangazo la masika. Ni wachache wanaoitaja.

Chakula ndicho kinachokula faida yangu. Mwenyeji anasema watu 200, wanakuja 260. Pakeji niiandikeje?

Uza sahani, usiuze "chakula cha wageni". Ukipika kilo 1 ya mchele kwa watu 8, sahani 200 ni kilo 25. Wakiongezeka 60 unahitaji kilo 7 na nusu zaidi, pamoja na nyama yake, na hizo huwezi kuzipika foleni ikiwa imeshasimama. Andika: "Sahani 200. Nyongeza ipokelewe siku tatu kabla." Taja na bei ya sahani moja ya nyongeza hapo hapo, isije ikawa ugomvi wa saa tisa alasiri.

Siku yenyewe, hesabuni sahani pamoja na mtu mmoja wa familia kabla ya kupakua, naye aweke saini. Nyama ipakuliwe na mhudumu wako. Wageni wakijipakulia, nyama huisha wali ukiwa nusu sufuria, na lawama ni yako hata kama kilo zilikuwa sahihi. Weka pia foleni mbili: mhudumu akipitisha watu wanne kwa dakika, 200 kwenye foleni moja ni dakika 50, na wa mwisho wanakula pilau iliyopoa.

Niseme "tunashughulikia kila kitu"?

Usiseme. Kibali cha serikali ya mtaa anakiomba mwenyeji, kadhalika maji ya kuoshea na mlinzi wa usiku. Jenereta kama haimo, sema haimo. Vyombo vitakavyovunjika navyo viandikiwe bei mapema, kimoja kimoja, kwenye karatasi ile ile ya malipo ya awali.