Picha ya nusu uso iliyogeuzwa: inaonyesha nini hasa

"Nilipiga picha ya uso wangu kwa simu, nikaikata katikati, kila nusu nikaigeuza na kuiunganisha na yenyewe. Wametoka watu wawili, mmoja mnene, mwingine mwembamba. Je, uso wangu umepinda?"

Dada, mimi ninapiga picha za paspoti hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Nyuso za mbele ndizo kazi yangu, na sijaona hata moja ambayo pande zake zinalingana kabisa. Ila jaribio hilo linakuza tofauti, na mara nyingi linayokuza ni makosa ya picha.

Chukua uso wenye upana wa milimita 140, pande zote sawa, 70 na 70. Mstari wa katikati ukiteleza milimita 2 tu, upande mmoja unabaki na 68, mwingine unapata 72. Geuza na uunganishe: uso mmoja una 136, wa pili 144. Tofauti ya milimita 8, na mwenye uso hana kasoro yoyote! Na mstari wenyewe ni mgumu kuupata, maana pua nyingi zimeelekea kidogo upande mmoja. Ukifuata ncha ya pua unapata katikati yake, ukipima kati ya pembe za ndani za macho unapata nyingine.

Halafu kuna kichwa. Tazama masikio kwenye picha yako: likionekana moja zaidi, uligeuka, na upande huo ndio utakaotoka mnene.

Binti mmoja alikuja studio na wasiwasi kama wako, shavu la kushoto likiwa pana. Nilimkalisha akitazama mlango ili mwanga umfikie sawasawa, kamera mita 2 mbali, kwenye usawa wa macho yake. Simu ya kushika mkononi iko karibu mno, inakuza kilicho mbele yake. Nikapiga, akainuka, akakaa tena, nikapiga nyingine. Picha ya kwanza upana ulikuwa kushoto, ya pili kulia. Mfupa hauhami hivyo. Kilichobaki palepale kwenye picha zote ni nyusi ya kulia, iliyo juu kidogo kuliko mwenzake. Hiyo ndiyo tofauti yake ya kweli, na mama yake aliyekuja naye hakuwa ameiona maisha yote.

Tofauti ndogo kama hiyo ni ya kawaida. Mifupa na misuli ya pande mbili haikui kwa kipimo kimoja, na wengi wetu tunatafuna zaidi upande mmoja. Tena kwenye kioo umezoea uso uliogeuzwa, ndiyo maana picha ya kawaida tayari inakushtua.

Jambo la kuogopa ni mabadiliko ya ghafla: kona ya mdomo inashuka, jicho halifungi, mkono unalegea au maneno yanakwama. Hapo acha picha, nenda hospitali saa hiyohiyo.