Tafakari ya dakika 5 kwa wasafiri wa asubuhi: ninavyoiandaa

*"Wapendwa, nimepewa kipindi cha tafakari redioni, dakika 5, saa 12 na dakika 55 asubuhi, watu wakiwa kwenye daladala. Wanataka wazo moja, mstari mmoja na sala ya kufunga. Kila nikiandika nafika dakika 9. Nipunguze nini?"*

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Nimeandaa tafakari za namna hii kwa redio moja ya jamii hapa Dar, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe.

Anza na saa yako. Ukimaliza wewe inaingia taarifa ya habari ya saa 1, na habari haimsubiri mtu. Ukizidisha, kinachokatwa ni sala, kwa sababu ndiyo iko mwisho. Toa muziki wa kufungulia na kufungia, bakiza sekunde kama 10 za akiba, unabaki na dakika 4 na nusu hivi za kusema. Mimi nikisoma kwa utulivu natamka maneno 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo maandishi yangu hayavuki 450. Pima mwendo wako kwa sauti, usisome kimoyomoyo; kimoyomoyo kila mtu ana mbio.

Cha kupunguza ni mistari ya nyongeza. Ukisoma Mithali kisha ukasema "kama pia asemavyo Yakobo", tayari una mahubiri mawili. Msikilizaji wako kashika bomba kwa mkono mmoja, pochi kwa mwingine, konda anagonga bodi. Hawezi kufungua Biblia, kwa hiyo chagua mstari anaoweza kushuka nao kituoni akiwa ameushika kichwani.

Mfano ni Mithali 15:1: "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Mstari wenyewe una mambo mawili, jawabu la upole na neno liumizalo. Chukua la kwanza tu. Wazo langu naliandika kwa sentensi moja juu ya karatasi: *Leo, jibu moja la upole linaweza kuzima ugomvi kabla haujawaka.* Kila aya isiyoitumikia sentensi hiyo naifuta, hata kama ni nzuri.

Halafu naingia moja kwa moja, bila salamu ndefu: "Umempa konda noti ya elfu mbili tangu Mbagala. Mnakaribia Kariakoo, chenji hujaiona. Ukimuuliza, anakujibu vibaya mbele ya watu. Neno la kumrudishia liko tayari mdomoni." Hapo ndipo mstari unaingia, maana msikilizaji ameshajiona ndani yake. Taja kwanza kitabu na sura, nyamaza kidogo, kisha soma. Usisome mara moja tu. Urudie kabla ya sala, kwa ajili ya waliopanda njiani na wasiosikia mwanzo.

Katika maelezo, kuwa mwangalifu na jambo moja: upole si kudhulumiwa. Abiria ana haki ya kudai chenji yake. Sema hivyo waziwazi, kisha onyesha jibu lenyewe linavyosikika: "Kaka, naomba chenji yangu, nashuka kituo kinachofuata." Sentensi hiyo itamsaidia kuliko dakika nzima ya kueleza maana ya upole.

Sasa sala. Usiseme "tufumbe macho na kuinamisha vichwa". Dereva naye anakusikiliza, na bodaboda kaweka simu sikioni. Sema "tuombe tukiwa hapo hapo tulipo". Kwa sababu hiyo hiyo usiweke mlio wa honi au breki kama kionjo cha kufungulia. Dereva atashtuka na kutafuta gari lililo nyuma yake. Sala iwe ya jambo lile lile ulilosema, isigeuke orodha ya wagonjwa, wajane na viongozi wa nchi. Yangu ya mstari huu ilikuwa hivi:

"Baba, tunaenda kukutana na watu waliochoka kama sisi. Weka mlinzi kinywani petu. Tukichokozwa, tupe jibu la upole, na ujasiri wa kudai haki bila kutukana. Uwalinde walioshika usukani. Katika jina la Yesu, Amina."

Isome taratibu; haifiki nusu dakika.

Kumbuka pia kwamba ndani ya gari kuna Mwislamu aliyekaa jirani na Mkristo, na redio kaifungua dereva. Lihubiri Neno lako bila kugusa imani ya mtu mwingine.

Ukisharekodi, usijisikilize kwa hedifoni. Weka simu sauti ya kawaida, fungua bomba la jikoni maji yamwagike, umwite mtu ambaye hajaona karatasi yako. Mwulize mstari ulisema nini. Akikutajia hadithi ya konda lakini mstari haukumbuki, fupisha hadithi na urekodi upya.