Barua ya kumnyima mteja mkopo: neno "kwa sasa" lilinifunza

Miaka yangu ya mwanzo kama afisa mikopo, nilimwandikia mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi: "Tunasikitika kukujulisha kuwa kwa sasa hujakidhi vigezo vya benki. Usisite kuwasiliana nasi." Niliiona barua ya heshima. Baada ya wiki mbili alirudi na makaratasi yale yale, akauliza, "Mwanangu, hiyo 'sasa' imeshapita?" Alikuwa ameshalipa kianzio cha mzigo wa mabati.

Kosa lilikuwa langu. Nilipunguza makali mahali pasipofaa. "Kwa sasa" ilimpa tumaini nisilokuwa nalo, na "hujakidhi vigezo" ilimfanya ajione ana kasoro bila kujua ni ipi.

Leo ningeanza na uamuzi, tena kwa kitenzi kimoja kisicho na mlango wa nyuma: "Benki haikuidhinisha maombi yako ya mkopo wa sh. 10,000,000." Pole inatosha mara moja. Ukiirudia mara tatu, msomaji anahisi uamuzi wenyewe unayumba.

Heshima iweke kwenye sababu. Hapo sentensi izungumzie hesabu, isimzungumzie mtu. Usiandike "huna uwezo wa kulipa." Mama yule alikuwa na faida ya wastani wa sh. 1,100,000 kwa mwezi, na tayari alikuwa analipa rejesho la 400,000 la mkopo mwingine. Mkopo mpya wa miezi 18 ungemdai takriban 640,000 kila mwezi. Kwa hiyo andika hivi: "Marejesho yote mawili yangefika sh. 1,040,000 kwa mwezi, na duka lingebaki na sh. 60,000 tu. Utaratibu wetu ni kwamba marejesho yasizidi nusu ya faida." Anaweza kuchukua kikokotoo akahakiki mwenyewe. Asipokubaliana na hesabu, atakuja na daftari lake la mauzo, na hayo ndiyo mazungumzo yenye faida.

Kisha mwambie kitakachobadilisha hesabu, bila kuahidi. "Karibu tena ukimaliza mkopo wako" inasomeka kama ahadi. Mimi huandika: "Mkopo ulionao ukiisha, unaweza kuleta maombi mapya pamoja na taarifa ya akaunti ya miezi sita. Yatapimwa upya kuanzia mwanzo." Kama aliacha hati ya kiwanja, taja siku na dirisha la kuichukua. Wengi huisahau sentensi hiyo, na mteja hukaa usiku akiwaza hati yake.

Kabla ya kusaini, isome kwa sauti kana kwamba yeye ameketi mbele yako. Neno ambalo usingethubutu kumtamkia usoni, lifute. Halafu mpe mwenzako asiyejua faili hilo, umuulize swali moja: amepata au amekosa? Akisita kujibu, iandike upya aya ya kwanza.