Masharti ya mpangilio yanapofifia katika mazungumzo marefu

Naandaa muhtasari wa kikao cha chama chetu cha akiba na mikopo. Mwanzoni niliiagiza modeli ya akili bandia iandike aya pekee, bila nukta za orodha, lakini kwenye ajenda ya 8 imerudia nukta. Imesahau?

Mara nyingi haijasahau. Kila unapotuma ujumbe, modeli husoma upya mazungumzo yaliyotangulia, na sharti lako bado limo. Ila mstari ule mmoja sasa umezungukwa na kurasa nyingi, na modeli hufuata kwa urahisi zaidi sura ya maandishi yaliyo karibu, yakiwemo majibu yake yenyewe. Tazama pia unachobandika: ikiwa maelezo ghafi ya katibu yameandikwa kwa vistari, vistari hivyo huivuta modeli irudie orodha. Jibu la kwanza lenye nukta ukilinyamazia, huwa kielelezo cha jibu linalofuata.

Lipo jambo jingine. Mazungumzo yakizidi kiasi ambacho modeli inaweza kusoma kwa mara moja, baadhi ya programu huondoa sehemu za mwanzo au kuzifupisha, na hapo sharti huwa limepotea kweli. Iombe inukuu masharti uliyoyatoa mwanzoni. Ikileta maneno ambayo si yako, andika upya masharti yote.

Niikumbushe vipi bila kuanza upya?

Weka ukumbusho mwishoni mwa ujumbe, baada ya maelezo uliyobandika, na utaje sura unayoitaka badala ya kukataza tu. Kwa mfano:

```
Andika upya ajenda ya 8 kwa aya moja
isiyozidi sentensi 5, bila nukta za orodha wala
herufi nzito. Kisha andika ajenda ya 9
kwa mpangilio huohuo.
```

Kuirudia ajenda ya 8 ndiko kunakofanya kazi kubwa, kwa sababu kunaweka karibu kielelezo sahihi cha kufuatwa. Kulalamika kwamba "umekosea tena" hakuipi modeli sura yoyote ya kuiga.

Je, nirudie sharti katika kila ujumbe?

Si lazima. Lirudie unapobadilisha kazi, kwa mfano kutoka ajenda kwenda kwenye maazimio, na kila unapobandika maelezo marefu.

Nimeisahihisha mara tatu na bado inarudia nukta.

Acha kuongeza masahihisho, kwa kuwa majibu yenye kasoro yanabaki kwenye mazungumzo na kuendelea kuivuta. Programu yako ikiruhusu kuhariri ujumbe uliokwisha kutumwa, rudi kwenye ujumbe uliotangulia jibu la kwanza lenye kasoro, ongeza sharti mwishoni mwake, kisha uutume tena: modeli itaendelea kutoka hapo bila kusoma yaliyofuata. Nakili kwanza ajenda zilizokwisha kukamilika baada ya ujumbe huo, kwa sababu hazitakuwamo katika mkondo mpya.